Halberdi dhidi ya mpanda farasi mwenye deraya: nguvu ilikuwa kwenye silaha, au kwenye mahali ilipotumika?

#1 Msomaji wa Vita vya Kale (mleta uzi)

Habari za jioni, wadau. Nimekuwa nikisoma juu ya mapigano ya Morgarten, yaliyotokea tarehe 15 Novemba 1315 katika nchi ambayo leo ni Uswisi, na kuna jambo ambalo sijalielewa hata baada ya kulirudia mara tatu. Mtawala Leopold wa Kwanza wa Austria alipeleka jeshi lenye wapanda farasi wengi kwenda kuwatia adabu watu wa Schwyz, ambao walikuwa wachungaji na wakulima wa milimani. Wale wachungaji wakamvizia njiani, kati ya ziwa Ägeri na mteremko, wakaliangamiza jeshi lake. Mtawa mmoja, Yohane wa Winterthur, aliyekuwa mtoto wa shule wakati ule, aliandika baadaye kwamba alimwona Leopold akirudi akiwa kama mtu aliyekufa nusu kwa huzuni. Mtawa huyo huyo anaitaja silaha iliyofanya kazi ile, yaani halberdi, na anasema iliwakata watu waliovaa chuma kama wembe.

Kwa asiyeijua, halberdi ni mpini wenye urefu wa kimo cha mtu au kuzidi kidogo, na kichwani mwake pana bapa la shoka ambalo pembe yake ya juu imechongoka kama mkuki. Nzima ina uzito wa kilo 2 hadi 3 hivi. Swali langu ni hili: mpanda farasi alikuwa na mnyama wa nusu tani chini yake, alikuwa na mkuki ulioizidi halberdi kwa urefu, na mwili wake ulikuwa umefunikwa chuma. Kwa nini ashindwe na mtu wa miguu mwenye shoka refu?

#2 Mwalimu wa Fizikia

Jibu liko kwenye mpini. Kitu kinachozungushwa kwa mwendo uleule huwa na kasi kubwa zaidi kadiri kilivyo mbali na mahali kinapozungukia. Ukiongeza urefu mara mbili, kasi ya kichwa inaongezeka mara mbili, na kwa kuwa nguvu ya pigo hufuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe, pigo linakuwa kubwa mara nne. Upanga una kama mita moja, halberdi ina karibu mita mbili. Hapo hakuna fumbo, ndugu mleta uzi. Mchungaji wa Schwyz alikuwa na mara nne ya nguvu aliyokuwa nayo kabaila mwenye upanga.

#3 Seremala wa Iringa

Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini hesabu yako ingekuwa sahihi kama mkono wa mtu ungekuwa mashine. Mimi nimepasua magogo kwa shoka tangu nikiwa na miaka 12, na ninachokijua ni kwamba ukitia mpini mrefu mara mbili, huwezi kulizungusha shoka kwa mwendo uleule. Linakuwa zito mkononi, linachelewa kuanza, na likishaanza huwezi kulibadilisha njia. Kwa hiyo mara nne yako itapungua sana. Unachokipata kweli ni kitu kingine: uzito umekaa mwishoni, pale pale penye makali, na mikono yote miwili inausukuma. Upanga uzito wake umekaa karibu na mshiko ili uweze kuucheza haraka. Ndiyo maana hakuna mtu anayepasulia kuni upanga, hata uwe mkali namna gani.

Nina swali pia. Mpini mrefu wa mti ukipigwa kwa upanga si unakatika?

#4 Binti wa Tanga

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi naona mnazungumzia kukata tu, lakini picha za halberdi nilizoziona zina ndoano upande wa nyuma. Sisi nyumbani tunapoangua maembe hatupandi mti wala hatukati tawi, tunachukua upembo, tunaingiza ndoano kwenye tawi, tunavuta. Mtu aliyeketi juu ya farasi ni kama embe juu ya mti. Huna haja ya kulishinda deraya lake. Unamkamata begani au kwenye mkanda, unamvuta, naye anaanguka kwa uzito wa chuma chake mwenyewe. Akishalala chini amekwisha. Nadhani ndoano ndiyo iliyowashinda Waaustria pale Morgarten.

#5 Mzee wa Maktaba

Marahaba, binti. Mfano wako wa upembo ni mzuri kuliko maelezo mengi niliyowahi kusoma, na kwa halberdi za karne ya 15 unasema kweli. Tatizo ni mwaka. Halberdi za wakati wa Morgarten kwa kawaida hazikuwa na ndoano ile. Zilikuwa bapa refu la shoka lenye ncha juu, na nyuma ya bapa palikuwa na pete mbili za chuma ambazo mpini ulipita ndani yake, basi. Ndoano au mwiba wa nyuma ulikuja baadaye, na picha nyingi zinazosambaa ni za karne ya 15 na 16. Kwa hiyo ndoano haiwezi kuwa sababu ya ushindi wa mwaka 1315, ingawa inaweza kuwa sababu ya halberdi kuendelea kupendwa baadaye, wakati deraya lilipokuwa gumu kukatika.

Hilo linanipeleka kwenye jambo la pili ambalo ndugu zangu wote mmelipita. Mnaposema deraya, mnaona akilini mtu aliyefunikwa mabamba ya chuma kuanzia utosi hadi kidole cha mguu. Mtu huyo hakuwepo Morgarten. Mwaka 1315 kabaila alivaa zaidi vazi la pete za chuma zilizofumwa, na chini yake nguo nene iliyoshonwa kwa tabaka, akaongeza vipande vya chuma au ngozi ngumu magotini na sehemu nyingine. Pete huzuia makali ya upanga vizuri sana, lakini hazina ugumu wa kuzuia mshindo. Pigo la shoka zito likifika begani, hata pete zisipokatika, mfupa wa chini unavunjika. Yohane wa Winterthur aliposema walikatwa kama kwa wembe, alikuwa akizungumzia deraya la aina hiyo.

Kwa Seremala: ndiyo, walilijua tatizo hilo. Katika halberdi za baadaye utaona vipande virefu vya bapa la chuma vinashuka kutoka kwenye kichwa na kupigiliwa misumari ubavuni mwa mpini, ili upanga usipate mti mtupu karibu na kichwa.

#6 Kijana wa Mbeya

Wakuu, naomba niwekwe sawa. Nilidhani habari yote ni kwamba wanajipanga mstari, wanaweka mikuki mirefu mbele kama ua la miiba, farasi wanakuja wanajichoma. Nimesoma kwamba mwaka 1302, tarehe 11 Julai, watu wa Flanders waliwashinda makabaila wa Ufaransa karibu na mji wa Kortrijk, katika Ubelgiji ya leo, kwa njia hiyo, wakakusanya vikuku vya kuchochea farasi vilivyopakwa dhahabu. Si ni halberdi zile?

#7 Mzee wa Maktaba

Hapana, ingawa ni jirani zake. Kortrijk walikuwa na mikuki mirefu, pamoja na rungu nene lenye mwiba wa chuma kichwani ambalo wenyewe waliliita godendaki. Mkuki mrefu ulishika mstari, na mwenye rungu akamaliza farasi na mtu. Utaona kazi mbili zimegawanywa kwa silaha mbili. Naomba uikumbuke tofauti hiyo, kwa sababu nadhani ndiyo fundo la uzi huu wote. Kuna kumsimamisha mpanda farasi, na kuna kumuua aliyekwisha simama. Halberdi ni bingwa wa kazi ya pili. Kazi ya kwanza, nina mashaka nayo.

#8 Mtunza Farasi

Mimi si msomi wa historia, ila nimefanya kazi ya kutunza farasi kwa miaka minane, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Farasi hapendi kukanyaga kitu kilicho hai, wala hapendi kuingia mahali asipoona njia ya kutokea. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa namwongoza jike mmoja mtulivu kabisa, tukakuta mtu amesimamisha reki ya kufagilia majani, meno yake yakitazama juu. Yule jike aliganda. Masikio yalienda mbele, shingo ikapanda, akaanza kurudi nyuma kwa matako huku mimi nikining'inia kwenye hatamu. Ilibidi tuiondoe reki. Sasa mkimpeleka farasi mbele ya watu mia tatu walioinua vyuma na kupiga kelele, mimi naona atasimama mwenyewe kabla hajafika. Aliyeishika halberdi hahitaji kumsimamisha.

#9 Msomaji wa Vita vya Kale (mleta uzi)

Asante sana, Mtunza Farasi, huu ndio ushuhuda nilioutaka. Lakini farasi wa vita walikuwa madume yaliyofundishwa kwa miaka, na farasi wa katikati ya kundi huenda walipoenda wenzao kwa sababu hawana nafasi ya kugeuka. Je, hilo halibadilishi neno?

#10 Mtunza Farasi

Linabadilisha kiasi. Farasi aliyefundishwa ataenda hatua nyingi zaidi kuliko yule jike wangu. Hata hivyo, kumfundisha kunamwondolea woga wa kelele na wa harufu ya damu, hakumwondolei macho. Akiona ukuta, ataona ukuta. Kinachowafanya waingie ni pale ukuta unapofunguka, yaani watu wanapoanza kukimbia.

#11 Mzee wa Maktaba

Hapa niwaletee mfano unaokataa kukaa upande wowote. Tarehe 21 Juni 1339, mbele ya mji mdogo wa Laupen, jeshi la mji wa Bern pamoja na washirika wake kutoka Uri, Schwyz na Unterwalden lilipambana na makabaila wa magharibi wakisaidiwa na mji wa Fribourg. Watu wa milimani, waliokuwa na halberdi zao, waliwekwa upande wa wapanda farasi. Hapakuwa na ziwa, hapakuwa na mteremko wa kuvingirisha mawe. Basi walizungukwa. Ikawabidi wajikunje mviringo, wakageuza silaha nje pande zote, na wakabaki wamebanwa hapo wakipata hasara, mpaka watu wa Bern walipomaliza kuwatawanya askari wa miguu wa adui, wakageuka na kuja kuwaokoa kwa kuwapiga wapanda farasi kutoka nyuma.

Tazameni sasa. Mtunza Farasi ana haki, kwa sababu farasi hawakuweza kuuvunja ule mviringo. Lakini na mimi nina haki, kwa sababu wenye halberdi hawakuweza kufanya lolote la kushinda. Mkuki wa mpanda farasi uliwafikia kabla halberdi haijamfikia yeye, na kila aliyetaka kuinua halberdi apige alihitaji nafasi ambayo mwenzake wa kushoto na wa kulia hakuwa nayo ya kumpa. Watu walewale, silaha ileile, miaka 24 baada ya Morgarten, na matokeo ni tofauti kabisa.

#12 Binti wa Tanga

Kwa hiyo Morgarten ni mlima ulioshinda, si silaha?

#13 Mzee wa Maktaba

Sisemi hivyo, binti, ila nakubali kwamba bila mlima silaha isingepata nafasi. Jitie katika nafasi ya yule kabaila. Njia ni nyembamba, kushoto una mteremko, kulia una maji, na safu yenu ni ndefu kiasi kwamba wa nyuma hawajui yaliyowapata wa mbele. Mawe na magogo yanashuka. Farasi hawawezi kugeuka, na wale wa nyuma wanaendelea kusukuma. Mkuki wako mrefu umekuwa mzigo, kwa sababu hakuna umbali wa kuuchukulia kasi. Umebaki mtu aliyekaa juu ya kiti kirefu kisichokwenda, ukiwa na upanga wa mita moja, na chini yako, pembeni, yuko mtu mwenye silaha ya mita mbili aliyefunga vyuma vyenye meno chini ya viatu vyake ili asiteleze mtelemkoni. Kuhusu hivyo vyuma vya miguuni sijabuni, yule mtawa ameviandika. Wengi waliingia ziwani wakazama. Mpaka hapo halberdi ilikuwa imefanya kazi ambayo upanga usingeweza, yaani kumfikia mtu aliye juu na kumpiga kwa uzito. Shoka fupi la kuni lingekuwa na uzito huo, ila lisingefika.

#14 Mwalimu wa Fizikia

Nimerudi. Nimemsikia Seremala na ninakiri kwamba ile mara nne niliitoa haraka. Nimekaa na karatasi. Tuseme sehemu ya kichwa inayoshiriki kwenye pigo ina kilo 1.5 na inakwenda mita 10 kwa sekunde. Nusu ya 1.5 mara 10 mara 10 ni jouli 75. Mtu mwenye upanga anaweza kufika kasi kubwa kuliko hiyo, kwa sababu ni mwepesi, lakini uzito unaofika kwenye shabaha ni mdogo na sehemu kubwa ya nguvu hurudi mkononi. Hizi tarakimu nimezikadiria tu ili tuone uwiano, msizichukue kama vipimo.

Jambo ninalotaka kuongeza ni kwamba si lazima chuma kitoboke. Chapeo ni kama sufuria iliyofunikwa kichwani. Ukiligonga sufuria kwa nyundo, sufuria linabaki zima, ila kilichomo ndani kimetikisika. Ndiyo maana naona halberdi iliendelea kuwa na maana hata deraya la mabamba lilipokuja, kwa sababu bamba la milimita 2 lenye mviringo huteleza makali, lakini haliondoi mshindo wote.

#15 Mpenda Wafalme

Wadau, ushahidi wa halberdi kukata chuma upo na umechimbwa ardhini. Mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza aliuawa katika mapigano ya Bosworth tarehe 22 Agosti 1485, na mifupa yake ilipatikana mwaka 2012 katika mji wa Leicester chini ya maegesho ya magari. Fuvu lake lina tundu kubwa upande wa chini kisogoni, na wataalamu wamesema jeraha hilo linalingana na silaha ya mpini mrefu kama halberdi au jamaa yake. Mfalme alikuwa na deraya bora kuliko yote katika nchi yake. Kwa hiyo halberdi ilikata chapeo ya mfalme, tumalize mjadala.

#16 Seremala wa Iringa

Ndugu, kama jeraha liko chini ya kisogo, basi pigo halikupita kwenye chapeo. Pale ndipo chapeo isipofika, au ilikuwa imekwisha vuliwa. Mimi nikipasua gogo lenye fundo, silipigi fundo, nalizunguka.

#17 Mzee wa Maktaba

Seremala amesema nililotaka kusema. Fuvu lile lina majeraha kadhaa, na kwa wingi na mahali yalipo, wachunguzi wenyewe walifikia maoni kwamba huenda mfalme hakuwa tena na chapeo kichwani. Mfupa unatuambia silaha gani iliugusa, hautuambii ilipita kwenye nini. Hata hivyo nakushukuru kwa kuuleta, Mpenda Wafalme, kwa sababu unaonyesha wazi jinsi kazi ilivyofanyika: mtu ameshuka au ameshushwa farasi wake, yuko kwenye tope, amezungukwa, na wenye mipini mirefu wanamfikia kutoka pande ambazo yeye hawezi kuwafikia.

Kifo cha Karoli Jasiri, mtawala wa Burgundy, kinafanana na hicho. Baada ya Waswisi kumpiga mara mbili mwaka 1476, kule Grandson mwezi Machi na kule Murten mwezi Juni, alikufa mbele ya Nancy tarehe 5 Januari 1477. Maiti yake ilipatikana siku chache baadaye imevuliwa nguo kwenye maji yaliyoganda, na inasimuliwa kwamba kichwa kilikuwa kimepasuliwa kwa halberdi. Lakini aliuawa katika kukimbia, si katika shambulio.

#18 Mkaazi wa Ujerumani

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mimi niko katika kikundi kinachofanya mazoezi ya silaha za kale kwa kufuata vitabu vya walimu wa zamani, na tuna halberdi ya mazoezi yenye kichwa cha mpira mzito, mpini wake ukiwa wa mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka. Naomba niseme jambo moja ambalo nadhani wengi wenu mnalidhania vibaya. Mnaiona ikiinuliwa juu ya kichwa na kushushwa kama shoka la kuni. Sisi tukifanya hivyo tunapigwa kila mara.

Namna inavyotumika ni hivi. Mikono imeachana kwa upana wa mabega, ncha imeelekezwa usoni kwa mwenzako. Unachoma kwanza, kwa sababu kuchoma ndiko kunakofika mbali na hakufungui mwili wako. Mwenzako akiisukuma ncha pembeni, unauacha mpini uzunguke kwa kule kule kusukumwa kwake, na bapa linarudi kwa upande wa pili likishuka shingoni au mkononi. Likikosa, unavuta, na pembe ya bapa inakamata goti au mpini wake. Juzi mwenzangu alinikamata hivyo nyuma ya goti. Sikuhisi pigo lolote, nilihisi tu mguu haupo tena chini yangu, nikajikuta natazama dari. Binti wa Tanga, hata halberdi isiyo na ndoano ina pembe ya chini ya bapa, na hiyo inavuta vizuri sana. Kwa hiyo upembo wako usiutupe bado.

#19 Binti wa Tanga

Asante sana, kaka. Mzee wa Maktaba, naomba uangalie hapo juu.

#20 Mzee wa Maktaba

Nimeangalia, na nimekubali. Nilisema ndoano haikuwepo, sikufikiria pembe ya bapa. Ninaondoa nusu ya pingamizi langu.

#21 Kijana wa Mbeya

Je, ni kweli kwamba askari wa Kiswisi wanaomlinda Papa bado wanazo? Nimeziona kwenye televisheni siku ya Pasaka.

#22 Mkaazi wa Ujerumani

Ndiyo, kikosi kile kilianza tarehe 22 Januari 1506 na bado kinabeba halberdi katika gwaride. Ila usichukue umbo la zile kuwa ndilo la Morgarten, ni halberdi za mtindo wa karne za baadaye.

#23 Mchambuzi wa Kigoma

Mmeeleza silaha, mmeeleza farasi, mmeeleza mlima. Hakuna aliyegusa fedha. Kabaila wa enzi ile alikwenda vitani akijua kwamba akizidiwa, atajisalimisha, atafungwa kwa heshima, na jamaa zake watalipa fidia. Vita kati ya makabaila ilikuwa na mlango wa kutokea. Waswisi walijulikana kwa kutochukua mateka. Watu wa Schwyz hawakuwa na gereza la heshima wala haja ya kumlisha mtu miezi sita wakisubiri fidia. Sasa ukipigana na mtu anayetaka ukiwa hai, anachunga mkono wake. Ukipigana na mtu asiyekutaka hai, silaha yoyote itaonekana ya kutisha. Ninaamini sehemu ya sifa ya halberdi ni sifa ya mkono ulioishika. Hata mapatano ya Sempach ya mwaka 1393, ambayo Waswisi waliandikiana wenyewe, yanakataza mtu kukimbilia nyara kabla vita havijakwisha. Hilo linakuonyesha watu waliokuwa wakijifunza kubaki kwenye mstari mpaka kazi iishe.

#24 Mwalimu wa Fizikia

Hoja ya fidia ni nzuri, lakini haielezi kwa nini walichagua halberdi na si upanga au rungu. Mtu asiyetaka mateka anaweza kuua kwa chochote.

#25 Mchambuzi wa Kigoma

Kwa sababu ya bei, mwalimu. Upanga mzuri unahitaji chuma kirefu kilichofuliwa kwa ustadi kutoka ncha hadi mshiko. Halberdi ni kichwa kimoja cha chuma ambacho mhunzi wa kijiji aliyezoea mashoka anaweza kukitengeneza, na mpini unautoa msituni. Unaweza kuwapa watu wote wa bonde.

#26 Msomaji wa Vita vya Kale (mleta uzi)

Nimefuatilia kila mchango, nawashukuru. Lakini mmenipa swali jipya ambalo ni gumu kuliko la kwanza. Tarehe 30 Juni 1422, kule Arbedo karibu na Bellinzona, Waswisi wengi wao wakiwa na halberdi walikutana na jeshi la Milano likiongozwa na Carmagnola. Alianza kwa kuwatupia wapanda farasi, wakashindwa. Basi akawaamuru watu wake wenye deraya washuke chini, washike mikuki yao ya farasi kwa mikono miwili, na waende mbele kwa miguu. Waswisi wakashindwa, na baada ya siku ile wakaanza kuongeza mikuki mirefu katika majeshi yao, mpaka halberdi zikabaki katikati ya kundi, zikizunguka bendera. Inaonekana wazi: mkuki mrefu uliifikia halberdi kabla halberdi haijaufikia.

Ila sasa, tarehe 9 Julai 1386, kule Sempach, makabaila wa Leopold wa Tatu wa Austria walifanya jambo lilelile. Walishuka farasi, wakashika mikuki, wakaenda kwa miguu dhidi ya halberdi. Mwanzoni Waswisi waliumia, na baadaye wakashinda, Leopold mwenyewe akauawa pale. Mbinu moja, silaha zilezile, matokeo kinyume. Kwa nini?

#27 Mpenda Wafalme

Ni Winkelried, yule shujaa wa Waswisi. Aliikumbatia mikuki ya adui kwa mikono yake, akaikusanya kifuani, akafa, na wenzake wakapita kwenye pengo.

#28 Mzee wa Maktaba

Ndugu yangu, habari ya Winkelried haimo katika maandishi ya watu wa wakati wa vita vile. Inaanza kuonekana vizazi baadaye. Siwezi kujenga maelezo juu yake, ingawa naona ni kwa nini watu waliihitaji: walijua wazi kwamba pale palikuwa na ukuta wa mikuki ambao halberdi haikuweza kuufikia, na kwamba kuna kitu kiliufungua.

#29 Mtunza Farasi

Ilikuwa Julai, wakati wa joto kule Ulaya. Mimi nikivaa koti la mvua tu na kumkimbiza farasi kiwanjani mwezi wa Februari, nahema. Mtu aliyevaa kilo 20 za chuma juani, akipanda mteremko kwa miguu ambayo imezoea kukaa kwenye tandiko, atadumu muda gani?

#30 Mkaazi wa Ujerumani

Joto ni sababu, lakini na Arbedo ilikuwa mwisho wa Juni, kusini zaidi ya hapo. Mimi naona ni ubavu. Mkuki unaoushika kwa mikono miwili una upande mmoja tu, mbele. Sempach, wenzao waliofika baadaye waliwaingilia pembeni, na mtu akishaipita ncha ya mkuki wako, wewe umeshika mti mtupu na yeye ameshika shoka. Tumelijaribu hili watatu kwa watatu. Wenye mikuki wanashinda kila mara tukianza uso kwa uso. Tukimruhusu mwenye halberdi mmoja aanzie kando, hatua tano tu, wanaoshinda ni wenye halberdi, na inakwisha haraka sana.

#31 Seremala wa Iringa

Na Arbedo hakuna aliyepata hizo hatua tano?

#32 Mkaazi wa Ujerumani

Arbedo wenye deraya walikuwa wengi kuliko Waswisi kwa mbali, kwa hiyo ubavu ulikuwa wao. Ila sina hakika kwamba hilo linatosha. Jumamosi tunakutana tena kumi na wawili, nitawaomba tupange sita kwa sita, wenye mikuki wawe wamevaa mavazi mazito na tuanze baada ya wao kukimbia uwanja mara mbili. Nitaandika hapa matokeo, hata yakinipinga.